Aya ya kiini: namna ya kumweleza msomaji kwa nini makala yako ni ya leo

Makala mengi yanayoandikwa kutoka Pwani huanza vizuri. Mwandishi amefika mahali, ameona kwa macho yake, na aya mbili za kwanza zina sauti ya mtu halisi. Kisha aya ya tatu inamleta mtu wa pili, ya nne inaleta takwimu, ya tano afisa wa serikali, na msomaji anafika katikati bila kuambiwa kwa nini habari hii anasomeshwa leo wala hakusomeshwa mwaka jana. Kilichokosekana hapo ni aya moja tu, aya ya kiini.

Aya ya kiini ni fupi, na hufuata mara tu baada ya mwanzo wa makala. Hapo mwandishi anaacha kusimulia kwa muda, anasema waziwazi jambo lenyewe ni lipi, linawagusa watu wangapi, na lina haraka gani. Gazeti la Wall Street Journal la Marekani ndilo linalosifiwa kwa kuuzoesha ulimwengu mtindo huu tangu miaka ya 1940, chini ya mhariri Barney Kilgore: anza na mtu mmoja, kisha mwonyeshe msomaji jambo kubwa lililo nyuma ya mtu huyo. Habari ya kawaida haihitaji aya hii, kwa sababu sentensi yake ya kwanza tayari imesema kilichotokea. Makala yanayofungua kwa kisa cha mtu ndiyo yanayoihitaji, maana bila hiyo msomaji anabaki na kisa mkononi asijue akiweke wapi.

Nitakaa zaidi kwenye sehemu moja ya aya hiyo, ile ya "kwa nini sasa", kwa kuwa ndiyo inayowashinda waandishi wengi. Mfano wangu ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: wavuvi wa vyombo vidogo wa Lamu na bandari mpya. Mvuvi utakayemwona nimemtunga kwa ajili ya somo. Tarehe, hukumu na hesabu ni za kweli.

Anza na makaratasi matatu kabla ya kuandika

Tuseme ni Mei 2021. Umerudi kutoka Mokowe na daftari limejaa. Tayari unao mwanzo wako:

> Saa kumi na moja alfajiri mvuvi alisukuma hori lake hadi maji yakamfika kiunoni, kisha akasimama. Mbele yake taa za bandari zilimulika mkondo ambao babake alimfundishia kutega jarife. Akatazama upande wa bahari kuu, akasikiliza kidogo, halafu akalivuta hori kurudi mchangani.
>
> "Nje siwezi, upepo wa kusi umeshika," alisema huku akikunja nyavu. "Na ndani ndiyo hivyo unavyopaona."

Usiendelee kuandika bado. Chukua vikaratasi vitatu, kila kimoja kijibiwe kwa sentensi moja.

Cha kwanza: kisa hiki ni cha nini hasa? Jibu lisiwe "uvuvi" wala "maisha ya Lamu", maana hayo ni maeneo, hayasemi lolote. Lazima kuwe na kitu kinachomtenda mtu kitu. Kwa mfano huu: bandari imejengwa kwenye maji tulivu ambayo wavuvi wasio na vyombo vikubwa waliyategemea.

Cha pili: ni wangapi, na umejuaje? Hapa tuna bahati, kwa sababu hesabu imo kwenye rekodi ya mahakama. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba utekelezaji wa mradi wa bandari ulikiuka haki za wakazi za mazingira safi, za utamaduni na za kupata habari. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Bilioni haina sura kwa msomaji, kwa hiyo igawe: ni kama Sh380,000 kwa kila mvuvi. Ukiitumia hesabu hiyo, sema ni wastani ulioupiga wewe, maana kugawa sawasawa kwenye karatasi hakumaanishi kwamba ndivyo pesa zitakavyogawanywa.

Cha tatu: kwa nini leo? Mei 20, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifungua gati la kwanza la Bandari ya Lamu na meli zikatia nanga. Waandishi wengi hukiandika hicho kwenye kikaratasi cha tatu na kuona kazi imekwisha. Mimi ningeuliza tena, maana sherehe hiyo ni sababu ya leo kwa serikali na kwa wenye meli. Kwa mvuvi wetu sababu ya leo inaweza kuwa nyingine.

Tafuta "sasa" ya mtu unayemwandika

Rudi kwenye daftari. Mvuvi alisema nini? Alisema upepo wa kusi umeshika. Yeyote aliyekulia Pwani anajua kwamba kuanzia Aprili hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu, bahari ya nje huchafuka, na mwenye hori au mashua ndogo haendi huko. Hubaki ndani, kwenye mikondo iliyokingwa na visiwa na mikandaa. Kusi ikilegea, baada ya Septemba, ndipo njia ya nje hufunguka.

Sasa weka tarehe mbili kando kwa kando. Bandari imefunguliwa Mei. Kusi ilianza Aprili. Maana yake meli zimeanza kuingia kwenye maji ya ndani katika miezi ileile ambayo mvuvi mdogo hana maji mengine. Hiyo ndiyo "sasa" ya makala haya, na haimo kwenye hotuba yoyote ya uzinduzi. Imetoka kwa mvuvi mwenyewe, kwenye nusu sentensi ambayo mwandishi mwenye haraka angeiacha kama pambo la mazingira.

Hii ndiyo sababu nawasihi waandishi wa Lamu na Malindi wawe na kalenda mbili. Ya kwanza ni ya matukio rasmi: uzinduzi, hukumu, bajeti, mwisho wa muda fulani. Ya pili ni ile watu wanayoishi nayo: kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, Ramadhani, Maulidi, kufunguliwa kwa shule, msimu wa watalii. Aya ya kiini yenye nguvu mara nyingi hupatikana pale kalenda hizo mbili zinapogongana.

Yapo makala yasiyo na tukio hata moja lenye tarehe. Chukua Malindi: kwa miongo mingi Mto Sabaki umekuwa ukimwaga tope na mchanga kwenye ghuba ya mji, na ufuo umesogea kuelekea baharini. Hakuna siku moja utakayosema "ilitokea leo". Katika jambo la pole pole namna hii, tafuta mtu ambaye mwaka huu analazimika kuamua. Ni mwenye hoteli anayefikiria kama aendelee kuiita hoteli yake ya ufukweni? Ni nahodha wa boti ya watalii anayehamisha mahali pa kuegesha? Jambo lina miaka hamsini, lakini uamuzi ni wa mwezi huu, na aya yako itasimama juu ya uamuzi huo.

Sababu dhaifu kuliko zote ni kumbukumbu ya mwaka. "Ni miaka kadhaa tangu Vasco da Gama afike Malindi mwaka 1498" haimpi mtu yeyote haja ya kusoma leo. Itumie ukikosa kabisa, na hata hapo ujiulize kama makala yako yameiva.

Rasimu ya kwanza, na ugonjwa wake

Hii ni aya ninayokutana nayo mara kwa mara, kwa sura tofauti:

> Sekta ya uvuvi ni muhimu sana kwa uchumi wa Kaunti ya Lamu. Hata hivyo, katika miaka ya hivi karibuni wavuvi wamekumbwa na changamoto nyingi, zikiwemo mradi wa LAPSSET, mabadiliko ya tabianchi na ukosefu wa vifaa vya kisasa. Makala haya yanaangazia masaibu ya wavuvi hao.

Haina uongo wowote, na ndiyo maana ni ngumu kuikataa. Lakini fanya jaribio dogo: badilisha mwaka. Ingeweza kuchapishwa 2015? Ingeweza. Na 2019? Bila shaka. Aya inayoweza kuhamishwa miaka sita nyuma bila kubadilishwa neno haijasema "sasa". Badilisha pia mahali: futa Lamu, andika Kilifi, futa LAPSSET uweke mradi mwingine. Bado inasomeka. Basi haijasema "hapa" pia.

Angalia maneno yanayoificha hali hiyo. "Katika miaka ya hivi karibuni" huandikwa pale mwandishi asipojua jambo lilianza lini, au alipojua lakini hakutaka kulitafuta kwenye daftari. "Changamoto nyingi" huandikwa pale sababu hazijachaguliwa. Tatu zimepangwa foleni kana kwamba zina uzito mmoja, ilhali mvuvi wetu alfajiri ile alizungumzia moja tu. Na "makala haya yanaangazia" ni mwandishi kusimama mbele ya kazi yake mwenyewe. Msomaji hataki kuambiwa kwamba ataonyeshwa. Mwonyeshe.

Rasimu ya pili: kila kitu kwa pamoja

Mwandishi akishaambiwa aya yake haina uzito, huikimbilia mizani na kupakia yote aliyonayo:

> LAPSSET, mradi wa bandari, reli, barabara na bomba la mafuta uliozinduliwa Machi 2, 2012 na Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, ambao katika mpango wake wa awali ulikuwa na gati 32, umeathiri wavuvi wapatao 4,600 ambao mwaka 2018 walishinda kesi ambapo Mahakama Kuu iliagiza walipwe Sh1.76 bilioni baada ya kubaini kwamba haki zao za mazingira, utamaduni na habari zilikiukwa, huku gati la kwanza likifunguliwa Mei 20.

Kila kipande ni sahihi, na vyote vinatakiwa mahali fulani katika makala. Lakini jaribu kuisoma kwa sauti bila kupumua. Msomaji amepewa viongozi watatu na hesabu mbili kubwa kabla ya kujua jambo lenyewe, na lililo jipya, yaani gati kufunguliwa, limetupwa mwishoni likibebwa na "huku". Kiswahili kinakuruhusu kufunga sentensi kwa sentensi kwa "ambao", "ambapo" na "huku" bila kikomo. Katika aya ya kiini ujinyime uhuru huo. Ukijikuta umeandika "ambapo" mara ya pili, weka nukta.

Ya kuondoa ni yapi? Weka swali hili mbele ya kila kipande: msomaji akikikosa hapa, atashindwa kuelewa kwa nini mvuvi alirudisha hori mchangani? Viongozi wa 2012 waende kwenye aya ya historia, chini. Gati 32 ziende kwenye aya ya mustakabali wa bandari. Hukumu inabaki, kwa kuwa inaonyesha kwamba malalamiko yameshapita mahakamani na hayajabaki kuwa maneno ya barazani. Msimu wa kusi, ambao haumo kabisa katika rasimu hii, unaingia.

Rasimu ya tatu

> Mei 20 meli za kwanza zilitia nanga katika Bandari ya Lamu, na kwa wavuvi wenye vyombo vidogo zimefika katika miezi migumu kuliko yote ya mwaka. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi huwafungia bahari ya nje. Kimbilio lao ni maji tulivu ya ndani, ambako sasa ndiko zinakopita meli. Miaka mitatu iliyopita Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi huo ulikiuka haki zao, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni. [HALI YA MALIPO: PIGA SIMU.] Bandari imeanza kazi, na wao wana miezi minne ya kusubiri kabla njia ya nje kufunguka.

Kuna mambo machache hapa ya kutazama kwa karibu.

Sentensi ya kwanza ina tarehe, kisha inageuza tarehe hiyo imwelekee mvuvi. "Mei 20" ni ya kila mtu, lakini "miezi migumu kuliko yote" ni yake peke yake. Ukitenganisha viwili hivi kwa aya mbili, nguvu inapotea.

Tazama vitenzi. Mwanzo wa makala ulikuwa wa alisukuma, akasimama, akalivuta. Aya ya kiini inatoka hapo na kuingia kwenye huwafungia, zinakopita, wana miezi minne. Msomaji wa Kiswahili huhisi badiliko hilo hata asipolitaja: kisa cha asubuhi moja kimekwisha, sasa tunasema mambo yalivyo. Waandishi wengine wanaendelea na -li- na -ka- hadi aya ya sita, halafu wanashangaa kwa nini makala yanasomeka kama hadithi tu. Badilisha vitenzi na nusu ya kazi itakuwa imefanyika. Neno "sasa" lenyewe halitoshi. Nimeona aya zenye "sasa" tatu na hakuna hata moja iliyosema ni lini.

Angalia pia kwamba kauli nzito haikuachwa hewani. "Ulikiuka haki zao" imewekwa mdomoni mwa Mahakama Kuu, kwa sababu ndiyo iliyosema. Mengine, kama msimu na njia za wavuvi, mwandishi ameyasema kwa sauti yake bila "kwa mujibu wa" wala "imeelezwa kwamba". Aya ya kiini ni pahali pa mwandishi kubeba dhamana ya alichogundua. Ukiikabidhi kwa nukuu ya afisa, umempa afisa kazi ya kumwambia msomaji makala yako yana maana gani, naye ataifanya kwa faida yake.

Kuhusu mabano: huo ndio ufundi wa kazi wenyewe. Jambo linaloweza kubadilika kati ya leo na siku ya kuchapishwa halijazwi kwa kumbukumbu. Acha nafasi, iandike kwa herufi kubwa ili mhariri asiweze kuipita, na uijaze asubuhi ya mwisho baada ya kuzungumza na upande wa wavuvi na upande wa serikali. Majibu yakitofautiana, andika tofauti hiyo kwa sentensi moja. Huenda ikawa ndiyo habari kubwa kuliko yote uliyonayo.

Aya hii ina maneno 80 hivi. Kwa makala ya maneno 1,000 au 1,200 ningejitahidi isizidi hapo. Ikihitaji zaidi, igawe mara mbili, ya kwanza iseme jambo na ukubwa wake, ya pili iseme kwa nini sasa.

Mvuvi mmoja, tarehe tatu

Ili uone kwamba "sasa" ndiyo inayoibeba aya, mchukue mvuvi yuleyule na umpeleke kwenye tarehe nyingine.

Machi 2012, wiki ya uzinduzi wa LAPSSET. Hakuna gati, hakuna meli. Kilicho kipya ni ahadi kubwa iliyotangazwa juu ya maji ambayo mtu anayavulia kila siku. Aya ya kiini itabebwa na asichokijua: atahamishwa, atalipwa, ataulizwa? Sentensi ya mwisho itakuwa swali ambalo ofisi fulani inapaswa kulijibu, na kazi yako ni kwenda kuliuliza kabla ya kuliandika. Haki ya kupata habari, ambayo miaka sita baadaye mahakama ilisema ilikiukwa, ilikuwa tayari imelala ndani ya aya hiyo kwa mwandishi aliyekuwa macho.

Mwaka 2018, wiki ya hukumu. Hapa tukio limejaa, na hatari ni kuiandika aya kama habari ya mahakamani. Usianze na majaji. Mvuvi wako aliyeingia majini asubuhi ile ameshinda kesi na bado hana samaki. Aya itasimama juu ya pengo hilo kati ya karatasi na mchanga: wapatao 4,600, Sh1.76 bilioni, na kazi ngumu ya kuamua nani ni mvuvi na nani si mvuvi pale pesa zitakapotolewa. Msimu wa kusi ni uleule, lakini unashuka hadi aya ya chini, maana wiki hiyo si wenyewe uliobadilika.

Mwanzo wa makala ungeweza kubaki karibu vilevile mara zote tatu, ukiondoa taa za bandari na, kwa Machi, upepo wa kusi. Aya ya kiini isingeweza hata mara moja.

Iweke wapi

Baada ya mwanzo mfupi kama wetu, aya ya kiini ni ya tatu. Mwanzo ukiwa mrefu, inaweza kusubiri hadi ya nne au ya tano, lakini katika makala ya maneno 1,000 sipendi ipite maneno 150 bila kutokea. Wengi wanasoma kwenye simu, na mtu akishavuta kioo mara mbili bila kuona sababu ya kuendelea, anaondoka.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halisemwi sana, nalo ni kuiweka mapema mno. Ukiiweka baada ya sentensi moja ya kisa, msomaji hajamjua mvuvi, na hesabu ya watu 4,600 haina uso wa kuuangukia. Mwache kwanza mtu asimame majini.

Kiungo kati ya kisa na kiini kisiwe "Yeye si peke yake" au "Huyu ni mmoja tu kati ya mamia". Maneno hayo yamechoka, na mara nyingi "mamia" hayakuhesabiwa na mtu. Kiungo bora ni kitu kilichotajwa kwenye kisa na kinachorudi kwenye kiini kikiwa na maana pana zaidi. Kwetu ni upepo. Mvuvi ameutaja kwa sababu ya asubuhi yake, na aya ikauchukua kwa sababu ya miezi sita ya watu wote.

Ipime kabla ya kuipeleka

Majaribio mawili nimeshayataja, la kubadilisha mwaka na la kubadilisha mahali. La tatu ndilo ninaloliamini kuliko yote. Toka na aya yako, nenda Mkunguni au kwenye baraza yoyote ambako watu wanalijua jambo lenyewe, umsomee mzee mmoja. Usimsomee makala, aya tu. Akikuambia, "Bandari twaiona kila siku, mwanangu, umekuja kunambia nini nisichokijua?" basi huna aya. Akisema, "Ah, kweli, na hii ni kusi," umefika. Mtu wa Nairobi atakusifu kwa mambo ambayo kwake ni mageni yote. Mzee wa Lamu atakuonyesha lipi jipya kweli.

La nne ni la kukaa mezani. Chapisha makala yote, pigia mstari kila ahadi iliyomo ndani ya aya ya kiini, kisha ushuke aya kwa aya ukitafuta inapolipwa. Aya yetu imeahidi mambo manne: msimu, njia ya meli, hukumu, na miezi minne ya kusubiri. Hiyo ya mwisho ndiyo inayodai sana. Umeuliza nyumba moja inakula nini katika kusi hii? Unajua bei ya samaki sokoni mwezi huu na mwezi kama huu mwaka uliopita? Umezungumza na mvuvi aliyeuza jarife akaingia kazi nyingine? Kama daftari lina mambo ya mahakama pekee, usilazimishe. Ama urudi Mokowe, ama uipunguze aya ilingane na ulichonacho. Aya ya kiini kubwa kuliko ripoti iliyo chini yake ndiyo inayomfanya msomaji ajione ameibiwa, hata asipojua ni wapi.

Na ukishuka hivyo, utakutana na aya ambayo haijibu neno lolote la kiini. Kwa kawaida ni nukuu nzuri uliyoipenda. Itoe. Ikikuuma mno kuitoa, huenda makala yako ni ya jambo lingine na aya ya kiini ndiyo iliyokosea, na hilo ni jambo jema kuligundua kabla ya saa ya mhariri.

Siku ya kuchapisha

Piga zile simu mbili na ujaze mabano. Kisha tafuta katika aya nzima maneno "juzi", "wiki hii", "hivi majuzi" na "miaka mitatu iliyopita". Gazetini yanafaa, kwa sababu karatasi ina tarehe juu na kesho inafungia samaki. Makala ya mtandaoni hubaki, na mtu ataifungua mwaka mwingine kabisa akiitafuta kesi hiyo. Kwa toleo la mtandaoni andika "Mei 20, 2021" na "mwaka 2018". Kwa redioni fanya kinyume, sema "Alhamisi" au "juma lililopita", na hesabu ya 4,600 uiandike kwa maneno kwenye karatasi ya msomaji wa taarifa ili asijikwae.

Mwisho kabisa, tazama kichwa cha habari na maelezo ya picha. Mara nyingi huandikwa na mtu mwingine, kwa haraka, kutoka aya ya kwanza pekee, na makala juu ya kusi na bandari yanatoka yakiitwa "Mvuvi asimulia maisha yake". Mtumie mhariri aya ya kiini peke yake katika ujumbe, umwambie kichwa kitoke humo.